Korkor na Kifungu cha Thelathini na Moja

Hasira ya Korkor Adjetey watu wa Tema, mji wetu wa bandari hapa Ghana, wanaijua kwa kimya chake. Makelele ni ya kila siku. Anawafokea wabebaji, anamfokea mume wake, anaifokea hata mvua. Akinyamaza, ondoka mbele yake. Asubuhi ile ya Februari alikuwa amenyamaza mbele ya mashine ya stoo yake ya baridi, na kioo kidogo cha mashine kilikuwa kimeandika maneno mekundu: imefungwa na mtengenezaji.

Nyuma ya mlango wa chuma kulikuwa na samaki wa wanawake kumi na tisa. Joto lilikuwa limeshaanza kuwafikia.

Ngoja nikwambie mwanamke huyu ni nani, maana wapo waliomcheka baadaye, na wengi wao hawajawahi kukaa mbele ya moto wa kukaushia samaki hata saa moja. Korkor alizaliwa Tema New Town na akaanza kazi akiwa na miaka tisa, macho mekundu kwa moshi. Alikausha samaki kwa miaka ishirini na mbili. Akanunua friza moja kuukuu, halafu mbili, halafu nne zilizopangwa ukutani. Mwishowe akajenga stoo kubwa kwa matofali, na mashine ya kuipoozesha akainunua kwa kampuni ya Bressani ya Trieste, Italia. Alilipa yote kabla mashine haijashuka melini. Hakuwa na deni la mtu. Nalisema hili mapema, maana kila aliyesikia habari ya kesi aliuliza kwanza, "Anadaiwa nini?" Kana kwamba mtu wa kwetu hawezi kuwa na kesi bila kudaiwa.

Wakala wa kampuni aliitwa Corrado. Alikuwa na ofisi ndogo karibu na bandari, na siku ya kusaini mkataba alikula kenkey, donge letu la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga mezani kwa Korkor, akaomba na pilipili ya kuongezea. Akasema mbele ya watu, "Kukitokea tatizo, Mama, mimi nipo hapa hapa Tema." Kwa Korkor, huo ndio ulikuwa mkataba. Kurasa alizosaini baada ya kunawa mikono zilikuwa za kutunza kabatini.

Mashine iliharibika mara mbili katika miezi saba. Mara zote Corrado aliahidi fundi kutoka Trieste, na fundi hakuonekana. Ilipoharibika mara ya tatu, Korkor akamwita Ataa Sowah. Ataa ni baba, ndivyo tunavyomwita mwanaume aliyekula chumvi nyingi, na huyu alikuwa ametengeneza mashine za barafu za bandari kwa miaka arobaini. Alifungua, akaona vali imepasuka, akaweka nyingine. Mashine ikanguruma vizuri kwa siku mbili.

Siku ya tatu wakaifunga kutoka huko huko Ulaya, kwa mtandao, kama mtu anavyozima taa ya chumba ambacho si chake.

"Mkataba unakataza mtu mwingine kuigusa," Corrado alisema kwenye simu. "Mimi sina la kufanya, Mama. Waandikie Trieste."

"Nimwandikie nani Trieste? Ni wewe uliyekula samaki wangu."

Akakata simu. Jioni samaki walimwagwa shimoni. Robo nzima ilikuwa ya Afi Mensavi, mfanyabiashara wa Lomé, ng'ambo ya mpaka, ambaye kwa miaka sita aliweka samaki kwa Korkor na hakuwahi kugombana naye hata kwa utani. Afi alisimama kando ya shimo akitazama mali yake ikifukiwa, akapanda gari kurudi kwao.

Korkor akaenda kwa wakili. Akpene Dotse alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ofisi juu ya duka la vipuri, na sifa yake ilikuwa kwamba hamdanganyi mteja. Alisoma mkataba wote huku Korkor akitembea huku na huku. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Anti Korkor, hiki kifungu cha thelathini na moja ulikisoma?"

"Kinasema nini?"

"Kinasema mambo mawili. La kwanza, mkataba huu unatawaliwa na sheria za Italia. La pili, ugomvi wowote utasikilizwa na mahakama za Trieste, na si kwingineko."

"Mashine iko Tema. Samaki wameoza Tema. Aliyeniuzia anakunywa bia yake Tema."

"Najua. Lakini umesaini. Mahakama zetu huheshimu kifungu kama hiki. Tukishtaki hapa, wana haki ya kuja mapema kusema, hatukubali kusikilizwa hapa, simamisheni shauri. Na sisi ndio tutakaobeba mzigo wa kuonyesha sababu nzito ya kuwakatalia. Nzito kweli, si ya kulialia."

"Basi tufanyeje?"

"Tushtaki tuone. Wakichelewa kusema, au wakajibu kesi kabla ya kupinga, hapo watakuwa wamekubali wenyewe."

Wakashtaki Mahakama Kuu ya Tema. Korkor hakuomba kitu kikubwa. Alitaka mahakama itamke kwamba kampuni haina haki ya kuifunga mashine aliyoinunua, na iamuru ifunguliwe. Julai yote bahari yetu hufungwa kwa amri ya serikali ili samaki wazaliane, na ikifunguliwa Agosti samaki hujaa mpaka wanakosa pa kuwekwa. Stoo ikiwa imefungwa Agosti, wanawake wangekwenda kwingine na wasirudi tena. Miaka thelathini ya jasho ingekuwa imeishia pale.

Kampuni ikamchukua wakili mmoja wa pale pale Tema, kijana mwenye haraka. Aliingiza utetezi mwezi wa Machi, na juu ya utetezi akaweka madai kinzani: kwamba Korkor ndiye aliyevunja mkataba, na kwamba mahakama imwamuru airudishe mashine kwao. Akpene alizisoma karatasi hizo mara mbili, akazifungia kwenye droo na kutabasamu kidogo. Korkor yeye hakutabasamu. Alichoona ni kwamba wamemfungia mashine na sasa wanaitaka.

"Wanataka kuning'oa jino na fizi," alisema.

Mei, Ataa Sowah akaapa maelezo yake ya ushahidi. Alieleza vali ilivyokuwa, akasema ilipasuka tangu kiwandani, na akaonyesha nyufa kwenye picha. Wiki tatu baadaye kampuni ikamwacha kijana wake na kuleta wakili kutoka Accra, Ebo Haizel, mwenye sauti ya kuhubiri na viatu visivyojua vumbi. Ndipo kifungu cha thelathini na moja kilipofufuka. Haizel aliomba shauri lisimamishwe, liende Trieste. Ombi la kufungua mashine likabaki limening'inia, maana jaji lazima kwanza ajue kama kesi ni ya kwake.

Siku ya kusikiliza ombi, Korkor alivaa nguo aliyoshona kwa ajili ya harusi ya binti yake na kukaa benchi la mbele. Aliamini angeulizwa. Akpene alimwambia mara tatu kwamba maombi kama haya huamuliwa kwa hati za viapo na hoja za mawakili, yeye kazi yake ni kukaa kimya. Lakini kimya cha Korkor chenyewe ni onyo, ila mle mahakamani hakuna mwingine aliyelijua hilo.

Jaji Serwaa Amponsem alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu kwa mkono wake, na mawakili walizungumza polepole kumsubiri.

Haizel alianza kwa upole. Hawa ni watu wazima waliofanya biashara. Bei ilipangwa kwa kujua kesi zitakwenda wapi. Mtu hawezi kula utamu wa mkataba akatema kifungu. Sheria ya mkataba ni ya Italia, na ni nani wa kuijua sheria ya Italia kuliko jaji wa Italia?

Akpene akasimama. Mashine iko hapa. Fundi yuko hapa, ana miaka sabini na mmoja, na mapafu yake yameharibiwa na amonia, gesi ya mashine za barafu, daktari amemkataza ndege. Mteja wake aliomba viza ili akamtafute wakili Trieste na aione mahakama hiyo kwa macho yake, akanyimwa, barua hii hapa. Wameandika kwamba hakuna uhakika kama atarudi kwao. Na zaidi ya yote mteja wake, mwanamke aliyeishia darasa la sita, hakukielewa kifungu alichowekewa mbele ya sahani za chakula.

"Hakukielewa," Haizel alirudia. "Mheshimiwa, naomba kuonyesha kielelezo cha nne katika hati yetu ya ziada ya kiapo."

Kilikuwa picha. Corrado aliipiga kwa simu mwaka uliopita, akiwa ndani ya stoo. Ilionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani na gundi: masharti ya kuweka samaki kwa Korkor Adjetey. Wateja wote wa ng'ambo, wa Lomé na wa Cotonou, walikuwa wakisaini nakala yake. Sharti la mwisho lilisema kwamba mkataba unatawaliwa na sheria za Ghana, na ugomvi wowote utasikilizwa na mahakama za Tema, na si kwingineko.

"Ni maneno ya kifungu chetu cha thelathini na moja, Mheshimiwa, ila Trieste imefutwa ikaandikwa Tema. Hakukielewa? Alikipenda mpaka akakinakili."

Mahakama nzima ikacheka. Hata karani alicheka.

Ilikuwa kweli. Baada ya kupata mkataba wa Wataliano, Korkor alimpelekea mpiga chapa mmoja karatasi hizo na kumwambia, "Nitengenezee kama hii, nene, ya kutisha." Mpiga chapa akabadilisha majina. Korkor aliisoma mistari ya mwanzo, akaona inatisha vya kutosha, akaibandika. Kosa la aina hiyo hulifanya mtu aliyepanda kwa mikono yake mwenyewe na kudhani kwamba karatasi za wakubwa ndizo zinazowafanya wawe wakubwa.

Akasimama. "Mheshimiwa, mimi nimewazuia watu wa Lomé mashine yao?"

"Wakili Dotse, mkalishe mteja wako."

"Nauliza tu. Wananiita niende kwao, na mlango wao wameufunga. Niingilie dirishani?"

"Mama, ukisema neno lingine nitakutoa nje."

Akaketi. Alikuwa na hasira na Haizel, na Corrado, na jaji, na mpiga chapa. Chini ya zote kulikuwa na hasira nyingine ambayo hakutaka kuigusa.

Wakatoka nje. Akpene hakumficha.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu ile karatasi?"

"Kwani ni karatasi ya nani? Ni yangu."

"Imeniondolea nusu ya hoja zangu, Anti."

"Na nusu iliyobaki?"

"Iliyobaki ni nzuri. Lakini usinunue soda ya kusherehekea."

Uamuzi ulitolewa siku ya mwisho kabla mahakama hazijafunga kwa likizo. Bahari ilibakiza siku mbili kufunguliwa. Jaji Amponsem alisoma bila kuinua macho.

Alisema kifungu ni halali. Hapakuwa na hila wala vitisho. Aliyesaini hawezi kusema hakusoma, hasa akiwa naye anawasainisha wengine maneno yale yale. Mahakama haipo kwa ajili ya kuwatengenezea watu wazima mkataba mwingine walipojutia wa kwanza. Umbali wa Trieste, akasema, ulikuwa ule ule siku ya kusaini. Kwamba mashine ingekaa Tema na mashahidi wangekuwa Tema lilijulikana tangu mwanzo; hilo peke yake si sababu nzito. Kuhusu viza, mtu anaweza kumpa wakili kazi bila kusafiri, na shahidi anaweza kusikilizwa kwa video.

Korkor aliuma mkono wa mkoba wake. Kila sentensi ilikuwa kofi. Alianza kuhesabu ni wateja gani wangehamia stoo ya jirani, na jirani angecheka vipi.

"Hata hivyo," jaji akasema, na akafungua ukurasa mwingine.

Kifungu kama hiki, alisema, ni ngao ya anayeshtakiwa, na anaweza kuiweka chini. Kampuni ilipoitwa hapa ilikuwa na nafasi ya kusema mara moja kwamba haikubali kusikilizwa hapa. Haikusema. Iliingiza utetezi. Ikaenda mbele zaidi, ikaiomba mahakama hii hii, kwa madai kinzani, iwape mashine. Ikakaa miezi mitatu. Mpaka fundi Sowah alipoapa, ndipo ilipokumbuka Trieste. Huko Trieste kwenyewe haijafungua karatasi hata moja. Mahakama haioni mtu anayetaka kwenda Trieste. Inaona mtu asiyetaka kusikilizwa Tema sasa kwa kuwa upepo umegeuka. Huwezi kugonga mlango wa mahakama ukiomba, kisha ukasema mlango huo haupo. Kwa sababu hizo zikiwa pamoja, ombi la kusimamisha shauri limekataliwa.

Korkor hakuelewa mpaka Akpene alipomfinya paja.

"Tumeshinda?"

"Tumeshinda kusikilizwa. Tulia, kuna jingine."

Jingine lilikuwa kwamba nusu ya kwanza ya kifungu inabaki. Kesi itasikilizwa Tema, lakini haki za mkataba zitapimwa kwa sheria za Italia, na anayetaka kuzitegemea atazithibitisha kwa shahidi mtaalamu, kama jambo lolote la ushahidi. Wasipozithibitisha, mahakama itazichukulia kuwa sawa na za hapa.

"Kwa hiyo hao Wataliano bado wamo ndani ya kesi yangu," Korkor alinong'ona.

"Sheria yao imo. Wao watakuja kwa miguu yao."

Kabla ya saa sita jaji alisikiliza na ombi la mashine. Akaamuru ifunguliwe mpaka kesi iishe, kwa sharti kwamba Korkor asaini ahadi ya kufidia hasara ya kampuni akishindwa mwishoni. Safari hii Korkor aliisoma ahadi neno kwa neno, akimfanya karani amsubiri, akauliza maana ya mistari miwili, kisha akasaini. Haizel alisema watakata rufaa. Corrado alisimama karibu na mlango akitazama simu yake.

"Shikamoo, Mama," alisema Corrado. Alikuwa ameishi kwetu vya kutosha kujua adabu.

"Samaki wangu walikukaa vizuri tumboni?" Korkor alimuuliza, akapita.

Mashine iliwaka siku ya pili. Agosti samaki walikuja. Wanawake kumi na wanane walirudi na mabeseni yao, wakicheka, wakimwita Mama Trieste. Kuna waliosimulia jinsi alivyomjibu jaji, na kila aliyesimulia aliongeza neno. Korkor aliwafokea wote kama kawaida, na watu wakajua mambo yametulia.

Wa kumi na tisa alikuja mwishoni mwa mwezi, na hakuwa na beseni. Afi Mensavi aliingia stoo akaenda moja kwa moja ukutani, akaisoma ile karatasi yenye gundi mpaka mwisho.

"Dada, karibu," Korkor alisema. "Nilitaka nikupigie."

"Miezi sita unataka kunipigia."

"Nilikuwa na kesi."

"Nimeisikia. Lomé nzima imeisikia. Umesema huwezi kwenda kwa watu kushtakiana kwa lugha yao wakati wao ndio waliokuharibia." Afi alitoa karatasi kwenye mkoba wake. "Mimi nilikwenda kwa wakili wangu nikamwambia samaki wangu wameoza kwako. Akasoma hii uliyonisainisha. Akaniambia lazima nije Tema, nitafute wakili wa Kiingereza, nilipe nauli na vyumba. Nikamwambia, lakini huyu ndiye aliyepiga kelele juu ya jambo hilo hilo. Akacheka."

Korkor alinyamaza. Wabebaji waliokuwa karibu wakaanza kusogea mlangoni.

"Mimi sikukufungia mashine," alisema hatimaye.

"Hukunifungia. Uliniacha nisimame kando ya shimo."

Hakuna aliyejua angefanya nini. Korkor alikwenda ukutani akaishika ile karatasi kwa kona, akavuta. Gundi ilikuwa nzuri. Ilitoka vipande vipande, na rangi ya ukuta ikatoka nayo. Hasira iliyokuwa chini ya zote ilikuwa imefika juu, na aliyekuwa amemkasirikia ni yeye mwenyewe.

"Kashtaki Lomé," alimwambia Afi. "Nitakuja."

Akpene alipopata habari alimpigia simu. "Anti, una kifungu. Ukienda huko ukajibu bila kupinga kwanza, umekipoteza. Unajua hilo kuliko mtu yeyote Tema."

"Najua."

"Mwambie basi mlipatane tu mezani."

"Hataki meza yangu. Ameshaona watu wanaokula mezani kwangu wanafanya nini. Anataka mtu mwingine asikilize."

Novemba, Korkor Adjetey alivuka mpaka pale Aflao akiwa na nguo ile ile ya harusi. Ndani ya mahakama ya Lomé alikaa benchi la mbele na kusikiliza Kifaransa kikipita juu ya kichwa chake, asijue hata kama ni yeye anayesemwa. Ilichukua saa nzima, na hasira yake ilikuwa kubwa kama siku ya kwanza. Kisha mkalimani akainama sikioni kwake.

"Jaji anauliza, mama, kabla hatujaingia kwenye kesi yenyewe, una pingamizi lolote kuhusu kusikilizwa hapa?"

Afi alikuwa anamtazama kutoka benchi la pili.

"Mwambie sina," Korkor alisema. "Na mwambie aseme polepole."